Sentimita Saba na Nusu

Kule Mraru Fundi Wambua alikuwa anaanza kuta za ndani siku hiyo, na mimi niko Voi kwa Trevor wa kuprinti, nikingoja nakala nyingine ya ramani niliyoichora ya nyumba ya mama yangu. Ilipotoka nikaiwekea rula, kwa mazoea tu. Chumba cha kulala nilikuwa nimekiandikia mita nne. Kwa kiwango cha moja kwa hamsini, ukuta wake ulipaswa kuwa milimita themanini kwenye karatasi. Rula ilisoma sabini na sita.

Nikafungua laptopu. Vipimo vya mchoro vilikuwa milimita, karatasi A3, kiwango ni kile kile. Kosa halikuwa kwangu.

"Trevor, umeprinti vipi?"

"Kama kawaida, Moureen. Nimeweka 'Fit', kingo zisikatwe."

"Hiyo Fit yako imeminya kila kitu! Weka 'Actual size', ukubwa halisi, kisha upime kabla hujampa mtu."

Nakala ya fundi pia ilitoka kwenye mashine hiyo. Vyumba vikubwa nilikuwa nimeviandikia vipimo, lakini choo nilikiacha wazi kwa sababu mafundi wa kwetu hupima kwa rula kilichokosa namba. Na mama hutembelea kiti cha magurudumu. Choo kilikuwa cha mita moja na nusu kamili, nafasi ya kiti kugeuka. Kikiminywa asilimia tano, sentimita saba na nusu zimeenda.

Simu ya Wambua haikupatikana. Nikachukua bodaboda, nikimhimiza dereva mpaka akakasirika. Nilijiona nimejengea mama gereza.

Nilimkuta fundi amepanga mstari wa kwanza wa matofali ya choo, saruji bado mbichi.

"Fundi, simama! Karatasi hiyo imepunguzwa."

"Madam, nimepima mara mbili. Rula haidanganyi."

"Rula haidanganyi, karatasi ndiyo imedanganya. Pima chumba cha kulala kwenye ramani."

Akapima. Akasoma namba niliyoandika, akapima tena, akaiweka rula chini.

Mama, Tryphena, alikuwa kivulini upande wa mbele, anasikiliza yote. "Nisukume humo ndani," akasema.

Tukamwingiza katikati ya matofali. Akashika magurudumu, akajigeuza. Vikanyagio vya miguu vikagonga tofali. Akarudi nyuma, gurudumu likagonga upande wa pili. Akajaribu tena, jasho likimtoka, kisha akatulia akitazama ukuta. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mwanangu," akasema polepole, "hapa ningekuita kila asubuhi uje unitoe."

Wambua alikuwa ameshapiga magoti. Alinyanyua tofali la kwanza kwa mikono, akasogeza mstari, akapima kwa futi ya chuma, mita moja na nusu, akaniomba nihakikishe.

Nikahakikisha. Mama akazunguka mzunguko mzima bila kugonga popote, kisha akatufukuza wote wawili: "Tokeni. Ni choo."