Ukuta Mnene wa Moyo

Mwalimu Hilaria alikuwa na mkono wa kudarizi. Mtaa mzima wa Katandala ulijua hivyo. Meza za mapadri, makochi ya maofisa, hata kitanda cha bibi harusi aliyetoka ukoo wa watu walio nacho, vyote vilikuwa na maua yake. Ndiyo maana, mwaka ule wa ruksa ya biashara, soko la Sumbawanga lilipojaa mitumba na redio huku kabati la shule likibaki na chaki na buibui, mwalimu mkuu alimwita ofisini akamwambia, "Mwalimu, picha za kufundishia hazitakuja. Wewe una mkono. Tuchoree."

Akachora. Akaazima kitabu cha sayansi, nakala pekee iliyosalia kituo cha walimu, akaweka karatasi ya mafuta juu ya picha ya moyo, akaifuatisha kwa penseli nzito. Kisha akafanya kama alivyofanya kwa maua miaka kumi na miwili: akailaza karatasi kifudifudi juu ya kitambaa cha amerikani, akapitisha pasi ya mkaa. Mistari ikahamia kwenye kitambaa, safi, haina kigugumizi. Kitabu kilihitajika kesho yake, kwa hiyo majina aliyaandika usiku uleule kwa wino, akitazama kitabuni kila jina limekaa upande gani wa ukurasa na kuliweka upande huohuo wa kitambaa.

Kitambaa kilipotundikwa, walimu walikuja kukitazama kama watu wanaotazama maiti ya mkubwa, kwa zamu na kwa heshima.

Jioni alikuwa na darasa la tuisheni: vijana saba waliomaliza la saba wakabaki bila pa kwenda. Hospitali ya misheni ilikuwa imetangaza kozi ya wauguzi wasaidizi. Nafasi tatu tu. Usaili ungekuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na tetesi zilisema muuguzi mkuu, Sista Valeria, anapenda sana kuuliza moyo.

Aliyekuwa na njaa ya nafasi ile kuliko wote ni Kabula, binti wa Ngeleja, Msukuma aliyehamia uwanda wa Ufipa na ng'ombe wake, akajenga mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Kabula alichelewa kuanza shule kwa sababu ya kuchunga. Sasa alikuwa na miaka kumi na minane, na tangazo lilisema mwisho ni kumi na tisa. Kila jioni ya kipindi alikuja kwa miguu, madaftari ameyafunga kwenye khanga, miguu imejaa vumbi jekundu hadi magotini.

"Moyo huu umekutazama," Hilaria aliwaambia siku ya kwanza. "Ni kama mtu aliyesimama mbele yako. Mkono wake wa kulia uko upande wa mkono wako wa kushoto. Usimpokonye mtu mkono wake! Haya. Damu chafu imechoka, inatoka mwilini. Inaingilia wapi?"

"Vena kava!"

"Inaingia chumba gani?"

"Auriko ya kulia!"

"Halafu?"

Zephania, mtani wa darasa, alisimama akitembeza kidole hewani. "Inapita vali yenye vipande vitatu, inashuka ventriko ya kulia. Ventriko inajikaza, vali inafunga mlango nyuma ili damu isirudi kwa shangazi. Inapanda ateri ya mapafu, inakwenda kupata hewa."

"Bila shangazi, Zephania. Endelea, Kabula."

"Inarudi kwa vena za mapafu, ikiwa safi, inaingia auriko ya kushoto. Inapita vali yenye vipande viwili, inaingia ventriko ya kushoto. Hapo inasukumwa kwenye aorta, inakwenda mwili mzima." Kabula akakitazama kitambaa. "Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Hapo ukuta mnene umeandikwa ventriko ya kulia. Nyumbani tukichinja, baba hunipa moyo niuoshe. Upande mmoja ni laini, ukiuminya unabonyea. Mwingine mgumu kama ngumi. Bomba linalotoka upande mgumu ndilo linalokunja kwenda mgongoni na kushuka na uti. Si ndiyo aorta hiyo? Basi ukuta mnene ungekuwa wa kushoto."

Hilaria alikitazama kitambaa chake, mistari yake, wino wake. Alikuwa na jibu moja la kweli, nalo ni "sijui, ngoja nitazame." Halikutoka. Lilitoka lingine, lenye sauti ya mwalimu.

"Kulia kuna ukuta mnene kwa sababu kunasukuma damu kwenye mapafu mawili. Mawili, sio moja! Na wewe, Kabula, unasoma moyo au unasoma supu?"

Vijana waliangua kicheko. "Msukuma na nyama!" Zephania alipiga meza. Kabula naye alicheka kidogo, akainama, akaandika alichoambiwa.

Tangu siku hiyo hakuuliza tena. Alikariri. Na alipokariri, alikariri kama mtu anayechimba kisima.

Alhamisi kabla ya usaili, Hilaria alikwenda kituo cha walimu kuazima kitabu kilekile kwa ajili ya picha ya figo. Alikifungua dirishani, kikajifungulia chenyewe penye moyo, mahali uti wake ulipovunjika kwa kukandamizwa. Alitazama mara moja. Ukuta mnene ulikuwa upande wa pili.

Hakuhitaji kuelezwa. Waridi ukililaza kifudifudi likageuka, bado ni waridi. Nani atauliza jani la kulia limekwenda wapi? Lakini moyo una kulia na una kushoto. Picha ilikuwa imegeuka chini ya pasi, na yeye akaivika majina ya picha ambayo haikugeuka. Aya iliyo chini ilisema wazi: ventriko ya kushoto ndiyo yenye ukuta mnene, kwa kuwa husukuma damu hadi kichwani na hadi nyayoni, ya kulia hupeleka mapafuni tu, jirani pale.

Alifunga kitabu. Picha ya figo akaisahau.

Alikusudia kusema. Usiku kucha alikusudia. Ijumaa mchana alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa na mwalimu mwenzake, Flavian, ambaye alikuwa na habari tamu mdomoni. "Dada Hilaria, mkaguzi anakuja Jumatatu. Kasikia habari ya kitambaa. Anataka shule nyingine zije kunakili. Jina lako litafika mkoani!"

Ndipo Kabula akatokea, vumbi magotini, amekuja siku isiyo ya kipindi.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mwalimu Flavian."

"Marahaba. Mbona leo?"

"Nimekuja unisikilize mara ya mwisho. Kesho ndiyo kesho."

Akasimama mbele ya kitambaa, akaipitisha damu yote, tangu vena kava hadi aorta, hakukosa chumba, hakukosa vali. Mwishoni akaweka kiganja kwenye ukuta mnene. "Na huu ni wa kulia, kwa sababu ya mapafu mawili."

"Huyu ndiye!" Flavian alipiga makofi. "Mwalimu, umefundisha!"

Maneno yalikuwa tayari kooni mwa Hilaria. Machache tu: nilikosea, wewe ulikuwa sahihi. Angeyasema Kabula akiwa peke yake, labda. Angeyasema mkaguzi asingekuwa anakuja, labda. Alimtazama Flavian akitabasamu, akakitazama kitambaa, akajiambia kwamba Sista atauliza njia ya damu tu, na njia binti anaijua. Nani atauliza unene wa ukuta?

"Vizuri," alisema. "Nenda, Mungu akutangulie."

Jumamosi Sista Valeria hakuleta picha. Alileta moyo wa mbuzi kwenye bakuli la bati.

Hilaria alisimuliwa na Zephania, aliyekuwa kwenye foleni nyuma ya Kabula, na safari hii Zephania hakuwa na mzaha. Sista alisema, "Nioneshe ventriko ya kushoto, kisha unifuatishie damu kutoka hapo." Kabula aliushika moyo. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja kwenye upande mgumu, vikakaa pale. Kisha akaviondoa, akavipeleka upande laini. "Hii, Sista." Sista akatia kijiti katika chumba hicho laini, kikatokea kwenye mshipa wa juu. "Na huu ni mshipa gani?" "Aorta." "Aorta, binti? Huu unakwenda mapafuni. Mgonjwa wako umemuua." Waliochukuliwa ni wengine watatu. Zephania mwenyewe alikuwa mmoja wao, kwa sababu, alisema akitazama chini, yeye alipobanwa alikumbuka maneno ya Kabula kuhusu upande mgumu, yale waliyoyacheka kuwa ya supu.

Jumatatu asubuhi, kabla ya mkaguzi, Hilaria alikuwa kwenye mlango wa Sista Valeria. Alisema yote.

"Ungekuja Ijumaa, ningemuuliza kwa namna nyingine," alisema Sista. "Majina yameshaondoka na gari la misheni. Kozi nyingine ni baada ya miaka miwili."

Miaka miwili. Kabula atakuwa na ishirini.

Hakurudi shuleni. Alitembea zile saa mbili alizokuwa anatembea binti, kwenye upepo wa uwanda usio na mti wa kuuzuia, hadi kwa Ngeleja. Mzee alimkaribisha kwa kigoda na maziwa ya mgando, akamwita mwalimu wetu, jambo lililomuumiza kuliko tusi. Kabula alikuwa anakamua. Alikuja akijifuta mikono.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuaibisha."

"Hukuniaibisha. Kabula, ukuta mnene ni wa kushoto. Kama ulivyosema. Picha niliigeuza wakati wa kuihamisha, mimi, kwa mkono wangu. Nimemwambia Sista."

Binti alivuta pumzi, na kwa dakika moja uso wake ulifunguka, karibu ufurahi. "Nilijua! Vidole vilijua, mwalimu. Nikasema hapana, mwalimu amesoma, mimi naosha nyama tu." Akacheka kidogo. Kisha kicheko kikapungua. "Uliona lini kwamba umekosea?"

Angeweza kusema "jana." Ngeleja alikuwa anasikiliza, bakuli mkononi. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye na ukurasa.

"Alhamisi," alisema Hilaria.

Kabula alihesabu. Haikuwa hesabu ndefu.

"Ijumaa nilikuja," alisema.

"Ulikuja."

Binti alimtazama bila hasira, na hilo ndilo Hilaria angeliona miaka mingi kila alipofumba macho: hakukuwa na hasira, ila kitu kiliondoka mle machoni, taratibu, kama mtu anayehama nyumba bila kubamiza mlango. Kisha Kabula akaokota kibuyu chake, akamwambia baba yake kwamba ndama wa mwisho hajanyonya, akarudi zizini.

Ngeleja alimwongezea mgeni maziwa. Hilaria aliyanywa yote, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.