Jina Lililogoma Kasulu

Vestina, karani wa mapokezi katika zahanati moja ya binafsi mjini Kasulu, alijaribu kumwandikisha Kabula Ng'wigulu mara tatu, na mara zote mfumo wa kompyuta ukamkatalia. Kabula alikuwa ametoka kijiji cha Rungwe Mpya na homa, shuka limemfunika hadi kidevuni.

Vestina akampigia Lukmani, fundi wa kampuni ya mfumo, aliyekuwa Dodoma.

"Kaka, mfumo umekufa!"

"Umekufa kwa wote?"

Vestina akamwandikisha mzee aliyefuata kwenye foleni. Akapita vizuri. Hapo udadisi ukamshika.

"Hapana. Kwa huyu mama tu. Nimetoka nikaingia upya, nimewasha kompyuta upya, nimejaribu ya famasi pia. Ni vilevile."

"Safi. Ujumbe unasemaje? Nisomee kama ulivyo."

"Hitilafu 1064. Kosa la sintaksia karibu na 'wigulu'."

"Na kazi imekwamaje?"

"Maabara haipokei ombi la kipimo bila namba ya mgonjwa. Tumemwandikia karatasi ili atolewe damu, lakini daktari haoni historia yake. Mama anasema alishatibiwa hapa."

Lukmani akaurudia ujumbe. "Karibu na 'wigulu', siyo 'Ng'wigulu'? Jina lina kile kialama juu, baada ya ng?"

"Linacho."

"Mfumo unakidhani ndio mwisho wa jina. Kinachobaki haukielewi. Jaribu jina lolote lenye ng' ya namna hiyo, halafu ulifute."

Vestina akaandika Nyang'oro. Likagoma, karibu na 'oro'. Akacheka bila kutaka.

"Ni kosa letu, dada," Lukmani akasema. "Nawapelekea watengenezaji sasa hivi."

Faudhia, karani mwenzake wa siku nyingi, alikuwa akisikiliza. "Kumbe! Mimi likigoma huwa nakiacha hicho kialama, linapita."

Vestina akamgeukia. Kama kialama kiliachwa, basi faili la mama lipo, ila kwa jina lingine. Akatafuta Kabula Ngwigulu. Likafunguka, la mwaka juzi, umri na kijiji vilevile. Juu kabisa kulikuwa na maandishi mekundu: mgonjwa huvimba uso akipewa penisilini.

Alimkimbilia daktari, akamkuta anaandika sindano ya penisilini, akamweleza. Daktari alimuuliza Kabula kuhusu uso.

"Ndiyo, ulivimba," Kabula akasema. "Sikujua ni dawa ipi."

Daktari akaifuta aliyoandika, akaandika nyingine.

Vestina akampigia tena Lukmani. "Ongeza kwenye taarifa yako, kaka. Watu wanaacha kialama ili mfumo upite, na mgonjwa anapotea kwenye faili lake mwenyewe. Leo ilibaki kidogo achomwe dawa inayomdhuru."

"Hilo linaipandisha kuwa ya dharura," Lukmani akajibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Marekebisho yalifika jioni. Vestina akaandika jina zima la Kabula kwenye faili la zamani, likakubali. Kisha akavuta kiti, akaanza kutafuta akina Ngwigulu na Nyangoro wengine.