Mwanamke wa Kwenye Bango

Barua ya Bi Mauwa, mwenye hoteli ya chakula Manzese, ilimkuta Alfonsi kwake Temeke akichora maua kwenye ubavu wa lori. Alfonsi hakuwa na bosi. Mwenye shida ya bango alimtafuta mwenyewe. Na Bi Mauwa, jamani, kuagiza anajua:

"Fundi Alfonsi, hoteli yangu imechakaa sura. Zamani walaji wangu walikuwa madereva. Siku hizi ni vijana wa kiwanda cha nguo, wanatoka zamu na njaa zao, wanapita ng'ambo ya barabara bila kuniona. Nataka wanione. Nina shilingi mia mbili, rangi humo humo, na iwe tayari kabla ya Saba Saba. Bati ni lile lile, jipya halipatikani. Yule mwanamke uliyemchora humo zamani mfute."

Alfonsi aliketi. Yule mwanamke mwenye upawa alikuwa Filomena, mkewe. Alimchora bila kumwambia mtu ni nani, na mwaka uliofuata homa ikamchukua. Picha ya studio hawakuwahi kupiga. Kila mara mama wa watu alisema mwezi ujao. Uso wake ulibaki kwenye lile bati tu.

Kazi ni kazi. Alichora kwanza kwenye karatasi: jina kwa herufi nene za buluu, chini yake sahani ya wali na samaki, vya kuonekana kutoka ng'ambo. Bi Mauwa alipoonyeshwa akaridhika. Alipoulizwa mwanamke kamkosea nini, alifoka. Kila mgeni akiingia humtafuta huyo wa kwenye bango, na akiambiwa mpishi ni Mauwa, anacheka. Miaka yote hiyo anasimangwa na bati!

Alfonsi alilishusha bango, akachovya brashi. Moyo ulimuuma vibaya, tusifichane. Akalitazama lile bati, kisha akaligeuza. Nyuma kulikuwa na kutu tupu. Akakwangua kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, akapaka rangi ya kuzuia kutu, ikakauka, ndipo akaandika upande ule.

Kuficha jambo hilo hakutaka. Bango husimama juu ya paa la baraza, mgongo wake ukielekea uani, kwenye mafiga. Kabla ya kulipandisha alimwita Bi Mauwa, akamwonyesha pande zote mbili.

"Sikumfuta, Bi Mauwa. Ni marehemu mke wangu. Sina picha yake nyingine."

Bi Mauwa alisogea karibu na bati. Akamtazama Filomena na upawa wake, akatazama sufuria zake.

"Kwa hiyo nikipika atakuwa ananitazama mie?"

"Ndiyo, mama. Ukikataa, nampaka rangi sasa hivi."

"Muache," alisema Bi Mauwa. "Leo na yeye ajifunze kupika."

Saba Saba ilipofika, vijana wa kiwandani walivuka barabara na kujaa barazani. Alfonsi naye alikuja kula, ila hakukaa nao. Alipitia mlango wa uani, na Bi Mauwa, bila kuulizwa, alikuwa ameshamwekea kigoda mkabala na Filomena kule juu.