Pesa ya Machogu

Baba Mkubwa Nyasani hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alikuwa na uwezo wa kumfanya karani wa benki asimame. Siku alipokwenda Kisii mjini kumtumia mwanawe karo kule India, alikataa nimsindikize.

"Wewe utaniletea mzaha mbele ya watu," alisema. "Hii ni shughuli ya wanaume."

"Na mimi ni nini, Baba Mkubwa?"

"Wewe ni Fomu Foo."

Akapanda basi pale Kebirigo na pesa ya ng'ombe wawili, kibali cha kutoa fedha nje ya nchi na barua ya chuo cha Poona. Jioni alirudi na nakala ya fomu ya hawala, ile karatasi nyepesi ya rangi ya waridi. Chini palikuwa na alama ya dole gumba lake, kubwa kama ya tembo. Nilimwambia hivyo. Alicheka mpaka akakohoa. Sikujua bado kwamba kikohozi kile kilikuwa na nia yake.

Kulikuwa na jambo kati yake na mwanawe Abner. Baba Mkubwa alimtaka awe mwalimu hapa nyumbani, aoe, achume chai. Abner akaondoka bila baraka. Ndiyo maana pesa ile haikuwa karo tu. Ilikuwa neno ambalo mzee hakuweza kulitamka kwa mdomo.

Wiki zikapita, kisha barua ya anga ikafika kutoka Poona. Niliisoma kwa sauti uani. Mama Mkubwa Bathsheba, mkewe, alikuwa akimenya ndizi.

"Nimekwenda benki mara nne na pasipoti yangu," Abner aliandika. "Wanasema hakuna pesa ya Abner Nyasani. Bila karo, mwezi ujao sitaingia kwenye mtihani. Kama Baba bado ana hasira nami aseme tu, nisiendelee kumsumbua karani wa watu."

Mama Mkubwa aliacha kumenya. Mzee aliniomba nisome tena sehemu ya hasira. Nikasoma. Akaingia nyumbani akafunga mlango.

Kesho yake nilikwenda benki na barua niliyoiandika kwa Kizungu cha kutisha. Karani Okoth, kijana wa huko ziwani, aliisoma akanirudishia.

"Kizungu chako kimevaa tai, ndugu yangu, lakini hakina kazi. Nitajie tarehe, nambari ya hawala, kiasi, nani alituma, nani apokee, na benki gani. Halafu si wewe uliyetuma. Anayeulizia ni mwenye pesa. Mlete aweke dole mbele ya ofisa wetu."

"Na mkishapata barua?"

"Nairobi watapiga telegramu Bombay, Bombay wawaulize Poona. Jibu litarudi kwa njia hiyo hiyo. Usinijie kesho."

Niliandika upya, nikinakili kila kitu kutoka ile nakala ya waridi. Nilipofika kwenye jina la mpokeaji kalamu yangu ilisita kidogo: Machogu Nyasani. Nikadhani ni sawa. Ndivyo kila mtu nyumbani alivyomwita Abner, maana alirithi jina la babu yetu, baba wa Baba Mkubwa. Mzee mwenyewe hata Machogu hakumwita. Alimwita "tata", yaani baba, tangu akiwa mtoto wa kunyonya, na akimchapa aliomba radhi kwanza.

Alishuka mjini mara ya pili, safari hii akiniegemea begani. Akaweka dole. Njiani kurudi nilimwambia sasa benki ina madole yake mengi kuliko mkewe. Hakucheka.

Jibu lilipofika, Okoth alinitolea mwenyewe kwenye kaunta. Pesa ilikuwa imefika Poona zamani. Benki ya kule ilipeleka taarifa chuoni kwa mwanafunzi Machogu Nyasani, chuo kikajibu hakimjui mtu huyo. Pesa ikakaa. Aliyekuja kuulizia, pasipoti yake ilisema Abner.

"Lakini barua ya chuo mliiona hapa!"

"Ilisema A. M. Nyasani. Mzee alipotamka Machogu, karani akaiona hiyo M, akaridhika." Okoth alishusha sauti. "Ni rahisi kurekebisha. Mtumaji aandike kwamba Machogu na Abner ni mtu mmoja, alipwe Abner. Siku hiyo hiyo tutapiga telegramu."

"Mtumaji haamki kitandani."

"Basi chifu au naibu wake aende huko huko, ashuhudie dole, agonge mhuri."

Nilifika Kebirigo jioni. Baba Mkubwa alikuwa ameegemezwa kwenye mito, kifua kikivuma kama mashine ya chai. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Waliniuliza mpokeaji ni nani," alisema polepole. "Ningemtumia nani pesa yangu? Abner ni la kanisani. Mimi nilimpa jina la baba yangu."

"Hujakosea, Baba Mkubwa. Ni pasipoti iliyokosea. Tutaiadhibu."

Hapo alitabasamu kidogo. "Andika," akasema. "Kesho nitaweka dole."

Niliandika. Naibu chifu, mzee wa kanisa mwenye mwendo wa taratibu, aliahidi kuja adhuhuri na kidau chake cha wino. Akaja. Alipofika kwenye uzio wa miti alisimama, kwa sababu wanawake walikuwa wameshaanza kulia.

Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini na ile barua mkononi. Mama Mkubwa alitoka chumbani, akaichukua barua, akaenda nayo hadi kwa naibu chifu.

"Mkono wake bado una joto," alisema. "Aliahidi jana, huyu hapa alimsikia. Leta wino."

Naibu chifu alivua kofia.

"Mama, hapa imeandikwa aliweka dole mbele yangu akiwa na akili timamu. Niandike hivyo, nami nimemkuta hivi?"

"Mwanangu anafukuzwa shule."

"Najua, Mama."

"Pesa ni ya mzee. Dole ni lake."

"Najua." Lakini kidau kilibaki mfukoni, na hakuna aliyeweza kumlaumu, hata Mama Mkubwa.

Baada ya mazishi nilimpelekea Okoth habari. Alinipa pole, akaniambia nililokwisha kulijua: mtumaji akifa, benki haiwezi kupokea agizo la mtu mwingine mpaka mahakama iteue msimamizi wa mali yake. Ni miezi, pengine mwaka. "Tunzeni ile nakala vizuri," alisema. "Bila hiyo mtasumbuka."

Mtihani wa Abner ulikuwa wiki iliyofuata.

Nilipomweleza Mama Mkubwa, alifungua kitambaa chake akatoa ile karatasi ya waridi. Akaniomba bahasha ya ndege.

"Mama Mkubwa, huo ndio ushahidi wetu kortini."

"Akisikia msiba atadhani baba yake amekufa akiwa amemkasirikia," alisema. "Korti itasubiri. Tia ndani."

Nikataka kubishana. Nikaliangalia lile dole, na juu yake jina ambalo mzee aliona ndilo la kweli. Nikakunja karatasi, nikaitia.

"Andika barua ianze na 'Machogu'," aliagiza. "Alisome jina alilopewa na baba yake."

Nikaandika hivyo. Nje ya bahasha niliandika Abner, posta wasije wakatuambia hawamjui.