Diski Iliyokataa Kufutika

Kompyuta ya marehemu mke wangu sikuweza kuigusa. Ndiyo maana nilimwachia shemeji, kaka yake, ambaye tunafungua naye duka la ufundi wa kompyuta kila asubuhi na kugombana hadi jioni. Wateja wanamwita Chapchap, na jina lenyewe limemkaa.

Mke wangu alikuwa akifanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Kila alipopata nafasi alijirekodi akisimulia hadithi, ili binti yetu azisikilize kitandani mama akiwa kazini. Alipofariki, mtoto aliendelea kuzisikiliza. Hakulala bila hizo. Lakini kompyuta ikaanza vituko: ukihifadhi kitu leo, ukizima na kuwasha, hakipo. Mimi, fundi mzima, nikasema ni Windows imechoka, ifutwe na kuwekwa upya.

"Nakili hadithi kwanza," nilimwambia shemeji.

"Ah, shem! Hiyo ni damu yangu pia. Nitasahau vipi?"

Na kweli alizinakili zote kwenye diski ya nje. Akafungua moja, sauti ya dada yake ikajaa dukani, nami nikatoka nje kama ninayetafuta vocha. Alichokosea ni kuiacha ile diski ya nje imechomekwa. Mimi nachomoa waya wa kila diski ya nje kabla ya kuwasha flashi ya kuwekea Windows, hata nikiwa na njaa. Yeye huona huo ni woga wa kizee.

Windows ikafika pale pa kuchagua diski, sehemu za zamani ilizogawanywa diski zikajipanga kwenye kioo. Akazifuta. Akawasha upya, zikarudi zote. Akabonyeza Shift na F10, likaja lile dirisha jeusi la amri. Akaandika diskpart, programu ya kupanga diski, kisha list disk ili azione zote. Diski 0, GB 465. Diski 1, GB 465. Ya tatu ilikuwa flashi yenyewe, ndogo. Akachagua 0, akaandika clean, yaani safisha. Mashine ikajibu kwamba imefaulu. Akawasha tena. Sehemu zile zile zikamkodolea macho.

Hapo ndipo alipopaswa kuniita. Nilikuwa hatua chache tu, nikibishana na mteja aliyemwaga chai kwenye kibodi. Lakini Chapchap alijiambia kwamba amekosea namba, kwamba diski ya ndani lazima ni ile nyingine. Ukubwa mmoja, nani angejua? Angeuliza detail disk ingemtajia ipi ni ipi, lakini hakuuliza. Akaandika select disk 1. Na kwa hasira akaandika clean all, ambayo haiondoi ramani ya sehemu tu kama clean tupu. Inapitia diski nzima na kuijaza sifuri, mwanzo hadi mwisho. Haionyeshi imefika wapi. Akaenda kula.

Niliporudi mezani mchana ilikuwa imemaliza. Nikasoma kioo kutoka juu hadi chini. Nikaandika detail disk, ikanitajia diski ya nje.

"Shem, imekubali?" aliuliza akiingia, anafuta mdomo.

"Umefuta ya nje."

"Acha utani."

Nilimtukana matusi ambayo sikuwahi kumtolea mtu. Alikaa chini sakafuni, kati ya mifuniko ya kompyuta, akalia kama siku ya mazishi.

Ndipo nikaelewa vile vituko vya kompyuta. Diski ya ndani ilikuwa inakufa. Ilikubali kila amri kwa mdomo tu, isiandike wala isifute chochote. Basi hadithi bado zilikuwamo! Niliitoa kwenye kompyuta, nikaiunganisha kwenye mashine yangu. Folda ikafunguka. Asubuhi nzima tuliilaani kwa ubishi wake, sasa tukawa tunaibembeleza kama mgonjwa.

Hadithi ya kwanza ikanakilika kwenye mashine yangu. Ya pili ikagoma katikati, kisha diski ikapotea kabisa. Tuliichomoa, tukaichomeka, tukabadilisha waya, tukabadilisha mashine. Haikuonekana tena.

Binti alitoka shule akapitia dukani kama kawaida yake. Sikutaka kumdanganya, nikamweleza yote. Akamwangalia mjomba wake mwenye macho mekundu, kisha akaomba ile iliyobaki. Akaisikiliza hadi mwisho, ameshika spika kwa mikono miwili.

"Zile nyingine zote nazijua kwa kichwa," alisema. "Mjomba, usilie. Naweza kukusimulia."

Chapchap akatikisa kichwa, akajaribu kutabasamu.

"Ila sauti ya mama," mtoto akaendelea, akinigeukia mimi, "hiyo nitaisahau, baba?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nikasema, "Weka tena tusikilize."