Mpatanishi Ana Mtoto

"Na wewe, madam, uko na mtoto?"

Ndindi aliuliza hivyo akijifuta macho kwa ncha ya leso, na Mukami, kalamu mkononi, akasahau kwamba mwenye kuuliza maswali mle chumbani alikuwa yeye.

Walikuwa wawili tu, ghorofani juu ya duka la dawa, Donholm. Mwanzia, aliyezaa na Ndindi, alikuwa ameombwa asubiri nje kwenye veranda. Ndivyo kazi ilivyo. Korti ikikutumia kesi ya mtoto uipatanishe, unaketi na wazazi wote wawili, kisha unamsikiliza kila mmoja peke yake, kwa sababu kuna maneno hayatoki mtu akiwa anatazamwa na aliyemuumiza. Mpatanishi hahukumu. Wakikubaliana, anayaandika, wanatia sahihi, karatasi inapelekwa kortini iwe amri. Wakishindwana, kesi inarudi kwa hakimu.

Na hii ikirudi kwa hakimu ingesikizwa Septemba, wakati shule zimeshafunguliwa. Mwanzia alitaka kumpeleka binti yao Kitui likizo ya Agosti, kwa mama yake ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Binti ana miaka sita, anaitwa Kathini, na jina ni la huyo nyanya. Kwa Wakamba mtoto akishabeba jina la mama yako, huyo ni mama yako. Hata kwenye simu Mwanzia alimwita binti "mwaitu", mama yangu. Susu, yaani huyo nyanya, alikuwa hajamtia machoni tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Ndindi naye alishasema mtoto haendi, na hakusema kwa nini.

"Ninaye," Mukami akajibu. "Msichana. Anakaribia miaka miwili."

"Na baba yake?"

Hapo ndipo angesema, kwa upole tu, turudi kwa Kathini. Alikuwa amefundishwa hivyo katika masomo ya jioni, kule alikokwenda na daftari na chupa ya maziwa kwenye mkoba mmoja. Lakini mbele yake alikuwa mwanamke aliyeamka gizani Mathare akachemsha uji, akasuka nywele za mtoto, akampeleka shule, akaja hapa kwa miguu. Mukami aliijua asubuhi hiyo ilivyo.

"Sikai naye. Ninalea mwenyewe. Nakuelewa, Mama Kathini."

Mabega ya Ndindi yakashuka. Akaanza kuongea, na akaongea kweli: namna Mwanzia, dereva wa lori, alivyopotea mwaka mzima kisha akarudi na zawadi, namna mtoto alivyokuwa akikimbilia mlangoni kila lori lilipopita. Mukami aliandika, akajisikia amefanya kazi nzuri. Ilikuwa imefaa. Hilo ndilo lililomdanganya.

Kikao kilichofuata, Mwanzia hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti, kofia mkononi, mwanaume mpana mwenye sauti ndogo.

"Karibu kiti, Baba Kathini."

"Niketi nifanye nini, madam? Si hukumu imeshatoka."

"Hapa hakuna hukumu."

"Nilienda kumsalimia mtoto Jumapili. Huyu akanifungulia mlango nusu, akaniambia, hata huyo mpatanishi wako ameachwa na mwanaume kama wewe, anawajua nyinyi watu." Akamtazama Ndindi, kisha akamrudia Mukami. "Nyinyi watu. Mimi ni dereva, najua barabara. Lakini nikiona refa amevaa jezi ya timu ile ingine, sichezi. Nabeba viatu vyangu naenda."

Ndindi aliangalia sakafu. "Si hivyo nilisema."

"Ulisemaje? Sema vile ulisema."



Mukami akaweka kalamu chini. Neno "kuachwa" halikuwa lake, hakulitamka. Lakini angelikanaje bila kueleza lililotokea, na akishaeleza hilo, ataishia wapi? Akawaomba wampe hadi Jumamosi.

"Jumamosi nitakuja," Mwanzia akasema akivaa kofia. "Kuchukua barua ya kurudisha kesi."

Kodi ya kile chumba Mukami aligawana na Wacera, mwalimu mstaafu aliyekuwa akipatanisha watu wa biashara na wenye nyumba. Jioni hiyo Mukami alimweleza bila kutaja majina wala mtaa. Wacera alisikiliza huku akimenya njugu.

"Siri zao umezitunza," akasema. "Yako ndiyo umeianika. Sasa ni ya kijiji."

"Usinicheke, Mwalimu."

"Sikucheki. Ninacheka kidogo tu. Sasa sikia, dawa unayo. Baba mtoto wako, Mulama, humchukua mtoto lini?"

"Kila Jumamosi."

"Na humrudisha?"

"Akiwa ameshiba, na nywele zimefungwa kama mzigo wa kuni."

"Basi mwambie huyo mwanaume hivyo. Mwambie, mimi sikuachwa, tuliachana kwa heshima, na baba ya mtoto wangu namkabidhi mtoto bila wasiwasi. Atatulia mara moja. Utaona ataketi."

Lilikuwa jambo la kweli, tena zuri. Mukami alilibeba hadi nyumbani. Alipokuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni, maji yakimrukia kifuani, aliligeuza huku na huku kama mtu anayepima nguo. Ndiyo, Mwanzia angetulia. Na Ndindi je? Ndindi angeisikia habari ya Mulama kama kidole kinachomwelekea: mwenzako ameweza, wewe una nini? Alichomwambia Ndindi hakikuwa uongo. Kilikuwa kipande cha maisha yake, kimekatwa kikamtosha Ndindi. Sasa Wacera alitaka akate kipande kingine kimtoshe Mwanzia. Akiendelea hivyo, hatabaki na kitambaa, na hao wawili watakuwa wanagombania nyumba ya Mukami badala ya likizo ya Kathini.

Mtoto alipiga maji kwa viganja vyote viwili, akacheka. Mukami akamkausha polepole, kila kidole. Huyu hakuomba kuwa ushahidi wa mtu.

Jumamosi walikuja wote wawili. Mwanzia alisimama tena nyuma ya kiti, na safari hii Mukami naye hakuketi.

"Kuna jambo mnanidai nyote wawili," akasema. "Nina mtoto. Baba yake na mimi hatuishi pamoja. Nilimwambia mmoja wenu, nikimfariji, na mwingine akaja kusikia mlangoni. Ningewaambia wote, au nisimwambie yeyote. Kosa hilo ni langu, si la Mama Kathini. Sasa mnalijua sawasawa. Mkiona siwafai, naandika leo kwa afisa wa upatanishi kortini aniondoe, mpewe mwingine. Sitaandika neno la kumlaumu yeyote kati yenu."

"Huyo mwingine atakuja lini?" Ndindi akauliza.

"Siwezi kuahidi. Huenda likizo ikawa imeenda."

Mwanzia alikuna kidevu. "Alikuacha, huyo jamaa?"

"Hilo halitakusaidia kuamua."

"Lakini maoni unayo. Kuhusu sisi."

"Ninayo. Mimi ni mtu. Nayaona yameketi hapa kando yangu, lakini sitayapa nafasi ya kusema."

"Tuambie tu," Ndindi akasema, na sauti yake ilikuwa inaomba. "Mimi najua utasema nini."

"Nikisema, mmoja wenu atatoka hapa ameshinda kwa mdomo wangu. Kisha mkifika nyumbani mdomo wangu haupo."

Ndindi alimtazama kwa muda, kama mtu aliyefika kwa jirani akakuta kufuli. "Kwa hivyo hauko na mimi."

"Niko na nyinyi wawili."

"Nilidhani nimepata mtu."

Hilo lilimwingia Mukami mbavuni. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kwenda kuvuka meza. Akaurudisha kwenye karatasi. Neno moja tu la dada kwa dada lingetosha kumtuliza huyu mwanamke, na Mukami alikuwa nalo tayari mdomoni. Akalimeza. Chini, muuza duka la dawa alikuwa akibishana na mteja kuhusu chenji.

Kiti kikakwaruza sakafu. Mwanzia alikuwa ameketi.

"Sasa tuko sawa," akasema, akimtazama Ndindi. "Wote hatuna mtu."

Ndindi alijaribu kubana kicheko, kikamtoka puani. "Wewe ni mjinga, Mwanzia."

"Nimekuwa nikiambiwa."

Mukami akaketi. Hakufurahi bado. "Baba Kathini, kabla hatujaanza. Unakubali niendelee?"

"Endelea. Kama umemnyima yeye na alikuwa anaomba, mimi utaninyima tu."

"Mama Kathini?"

"Endelea," Ndindi akasema.

"Basi nina swali moja, nawe waweza kulijibu hapa au faraghani. Kathini akienda Kitui, unaogopa nini hasa?"

Ndindi alikunja leso, akaikunjua. Alipoongea hakuwa akimwelekea Mukami tena. Alikuwa akimwambia Mwanzia.

"Binamu yangu alimpeleka mtoto wake kusalimia nyanya. Wiki mbili, walisema. Likizo ikaisha, akapiga simu, akaambiwa mtoto ameshaandikishwa shule huko, amezoea, amenenepa, usimsumbue. Alimpata baada ya miaka. Mtoto akamwita auntie."

"Na ukafikiri mimi?"

"Huyu ana jina la mama yako. Nyinyi mtasema amerudi kwao."

"Ungeniambia hivyo," Mwanzia akasema.

"Ningekuambia saa ngapi? Ukija unagonga mlango kama askari wa kanju anayesaka wachuuzi."

"Na wewe unafungua nusu."

"Mlango wenyewe una nusu tu," Ndindi akasema, na safari hii walicheka pamoja, kidogo, kama watu waliokuwa wakifahamiana zamani.

Baada ya hapo haikuwa rahisi, lakini ilikuwa kazi. Mwanzia alitaka likizo nzima. Ndindi alitaka wiki moja. Mwanzia akasema wiki moja ni ya mgeni, si ya mtoto wa nyumbani. Mukami aliuliza, akanyamaza, akauliza tena. Wakafikia siku kumi. Dada yake Ndindi angesafiri na mtoto. Mtoto angerudi kabla ya shule kufunguliwa, na shule yake ingebaki ile ile ya Mathare; hilo Ndindi alitaka liandikwe peke yake, mstari wake wenyewe, na Mwanzia akasema liandikwe kubwa kama wanataka. Kila jioni Kathini angempigia mama yake simu.

Mukami aliwasomea yote kwa sauti, mara mbili, kisha wakatia sahihi. Maoni yake bado yalikuwepo. Alidhani siku kumi ni chache kwa mzee ambaye miguu imechoka, na alidhani Ndindi amevumilia kuliko alivyopaswa. Akapanga karatasi, akazibana.

Mwanzia alikuwa ameshatoa simu. "Wacha nimwambie mama." Akaiweka mezani, spika imewashwa, na sauti ya kizee ikajaa chumbani, ikiuliza kwa Kikamba nani amekufa, mbona anapiga mchana.

"Hakuna aliyekufa, mwaitu. Kathini anakuja."

Yule mzee akauliza kwa Kiswahili, polepole, kama anayejua ni nani mwingine anasikiliza: "Mama yake yuko hapo?"

Mwanzia alisukuma simu upande ule mwingine wa meza. Ndindi alimtazama Mukami. Mukami alikuwa ameinamia bahasha, akiandika nambari ya kesi.

"Niko, susu," Ndindi akasema.

"Huyu mtoto anakula nini? Niambie wewe. Hawa wanaume hawajui."

Ndindi akavuta kiti karibu na simu. "Maharagwe hapendi," akaanza. "Atakudanganya ameshiba."