Mapipa Mawili ya Mkokoteni

Nilipostaafu niliunda mkokoteni wa chakula, wenye jiko la gesi na taa ya betri. Wazo la kuuza supu niliacha siku ya majaribio. Ilimwagika njiani mpaka mashimo ya barabara yakashiba. Nikabaki na viazi na mayai ya kuchemsha.

Bwana afya akaja kukagua. Bila saini yake, hakuna kibali.

“Mzee, pipa la maji safi lita arobaini, la maji machafu ishirini? Si litafurika!”

“Maji yangu hayachafuki, mwanangu.”

Mke wangu akanikata jicho. “Mapipa yote mapya, hayajaona tone. Badilisha mipira ya maji, baba, kubwa liwe la machafu!”

Nikabadilisha, akasaini. Wateja wakisifu mpangilio wa mapipa, napokea sifa kwa unyenyekevu, mradi mke wangu awe mbali.